Busia, Meatu na kurasa 36: kusoma makala ngumu kabla ya kuandika karatasi ya semina

*Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa uzamili, masomo ya maendeleo. Kwenye semina nimepangiwa ile makala ya Edward Miguel kuhusu makabila na shule za Kenya na Tanzania. Niiwasilishe, halafu niandike karatasi ya maneno elfu tatu. Nimeisoma mara mbili mwanzo hadi mwisho, nimeipaka rangi ya njano karibu yote, lakini nikiifunga sioni cha kuandika zaidi ya kurudia alichosema yeye. Majedwali niliyaruka. Nina siku kumi. Nianzie wapi?*

Marahaba. Anza kwa kuchapisha nakala mpya isiyo na rangi, maana hiyo uliyonayo haikusaidii tena. Mtu akipaka njano kila mstari ni sawa na asiyepaka hata mmoja.

Makala ya jarida haiandikwi kwa mpangilio ambao mwandishi aliufuata kufikiri. Inaandikwa ili ipite mikononi mwa wahakiki wawili watatu wakali, kwa hiyo nusu yake ni ulinzi: huyu alisema hivi, yule alipinga, mimi nimezingatia na hili. Ukiingia bila swali, unawasalimia walinzi wote getini kwa heshima ileile, na ukifika kwa mwenye nyumba umechoka. Ndicho kilichokupata, na umerudia mara mbili.

Kikao cha kwanza kisizidi dakika arobaini, na usishike kalamu. Soma ikisiri. Ruka mpaka kurasa mbili za mwisho, uzisome. Kisha pitia majedwali, lakini usome vichwa vyake tu na majina ya safu, bila namba. Unatafuta kitu kimoja: analinganisha nini na nini? Kwenye makala yako jibu linapatikana mapema sana. Makala ilitoka mwaka 2004 katika jarida la World Politics, kurasa 327 hadi 362, na jina lake lenyewe ni swali: kabila au taifa? Analinganisha wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, na wilaya ya Meatu, Tanzania. Anasema mipaka ya kikoloni iliziweka sehemu zinazofanana chini ya serikali mbili zilizofuata sera tofauti kabisa za lugha, elimu na utawala wa mashinani. Busia, jamii yenye mchanganyiko wa makabila wa kiwango cha wastani ina fedha za shule zilizochangwa na wenyeji pungufu kwa asilimia 25 ukiilinganisha na jamii ya kabila moja. Meatu, pengo hilo liko karibu na sifuri. Kwa hiyo, anahitimisha, kujenga taifa, kama Tanzania ilivyofanya, kunafanya kazi.

Sasa funga makala, chukua karatasi tupu. Maswali ya kukuongoza yanaandikwa hapa, kabla ya kusoma kwa kina.

Ninazijua zile orodha za maswali ishirini zinazogawiwa mwanzo wa muhula: tatizo la utafiti ni lipi, nadharia ni ipi, mbinu ni ipi, mapengo ni yapi. Sizipendi. Mwanafunzi anazijaza kama fomu ya mkopo, na mwisho ana majibu ishirini yasiyozungumza. Swali linalosaidia ni lile ambalo ukurasa au jedwali fulani linaweza kulijibu kwa ndiyo, hapana, au hakusema. Hilo la tatu liangalie sana. Pale unapouliza jambo la haki kabisa na ukakuta mwandishi hakusema, au amesema nusu, karatasi yako inaanzia hapo.

Maswali ya namna hiyo hupatikana kwa kulikata dai la mwandishi kwenye viungo vyake. Dai la Miguel lina viungo vitatu. Kwanza, wilaya hizi mbili zilikuwa sawa kabla ya sera kuzitenganisha. Pili, namba zinaonyesha tofauti kati yake. Tatu, tofauti hiyo imeletwa na sera ya kujenga taifa, si na kitu kingine. Kimoja kikikatika, dai zima linalegea. Basi una maswali matatu: zinafanana kwa lipi, namba inasema nini hasa, na nani mwingine angeweza kuleta tofauti hii? Kurasa 36 sasa unazisoma kwa maswali matatu. Ukikutana na aya isiyogusa hata moja, ipite haraka bila kuhisi hatia.

Nitakuonyesha yanavyofanya kazi, moja baada ya jingine.

Swali la kwanza lina chombo ambacho wanafunzi hawakitumii: ramani. Ifungue. Busia iko mpakani, sawa, lakini mpaka wenyewe ni wa Kenya na Uganda. Meatu, ambayo makao yake ni Mwanhuzi na ambayo tangu 2012 iko mkoa wa Simiyu, iko bara, kusini-mashariki ya Ziwa Viktoria. Hakuna mstari wowote wa mpaka ambao ungeweza kusimama juu yake, mguu mmoja Busia na mwingine Meatu. Mwandishi hakuficha hili; anaziita wilaya zilizo karibu, si zinazopakana. Ila neno "jaribio la asili", yaani tukio la historia linalogawa watu kana kwamba mtafiti ndiye aliyewapanga, likishatajwa, msomaji hujichorea mwenyewe kijiji kilichokatwa katikati na kalamu ya Mwingereza na Mjerumani. Nimewasikia wanafunzi wakiwasilisha hivyo darasani kwa kujiamini kabisa.

Endelea na makabila yenyewe. Busia kuna Waluhya, Wateso na Wajaluo. Meatu wengi ni Wasukuma, pamoja na Wanyiramba, Wanyisanzu, Wataturu na Wahadzabe. Hakuna kabila hata moja linaloonekana pande zote mbili. Kwa hiyo kinacholinganishwa si watu walewale chini ya serikali mbili. Ni watu tofauti, katika maeneo yenye uchumi na historia zinazofanana kwa kiasi fulani. Kazi yako ni kurudi kwenye sehemu anayozieleza wilaya hizi na kuandika anafananisha nini: mazingira, kipato, elimu, historia ya kuishi pamoja. Halafu jiulize kipi kati ya hivyo kinaweza kugusa michango ya shule. Mvua kufanana ni jambo jema, lakini je, msongamano wa watu? Je, namna watu wanavyomiliki ardhi? Andika jibu na namba ya ukurasa. Kama hakusema, andika "hakusema" na usonge mbele. Usianze kumlaumu bado.

Swali la pili ndilo lililokufanya uruke majedwali, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Mchanganyiko wa makabila anaupima kwa kipimo maarufu kinachoitwa ELF. Kinatisha kwa jina tu. Kinauliza: ukiokota watu wawili wa eneo hili kwa bahati nasibu, kuna uwezekano gani wawe wa makabila tofauti? Hesabu yake ni hii, ambapo s ni sehemu ya kila kabila katika jumla ya watu:

```
ELF = 1 - (s1² + s2² + s3² + ...)
```

Kijiji cha kabila moja tupu kinapata sifuri. Kijiji chenye asilimia 90 kabila moja na 10 jingine: 0.9 mara yenyewe ni 0.81, 0.1 mara yenyewe ni 0.01, jumla 0.82, toa kwenye moja, unabaki na 0.18. Kijiji cha nusu kwa nusu kinapata 0.5. Fanya hesabu hii mwenyewe kwa kalamu mara moja tu. Ukishaifanya, jedwali halitakutisha tena. Pia utaona kitu ambacho kipimo hakikioni: nusu Waluhya na nusu Wateso ni 0.5, na nusu Wasukuma na nusu Wanyiramba ni 0.5 ileile. Kama wawili wa kwanza waliwahi kugombania mpaka na wawili wa pili wanaoleana na kutaniana, ELF haijui.

Sasa ile asilimia 25. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kuandika kuhusu namba ya aina hii kwamba "maeneo yenye mchanganyiko hupata robo pungufu". Mtahini akazungushia duara na kuandika pembeni maneno matatu: pungufu ya nini? Sikuwa na jibu, na alama zilionyesha. Asilimia 25 hapa haisemi kwamba kila shule yenye makabila mchanganyiko ina robo pungufu. Regresheni inachora mstari mmoja ulionyooka katikati ya shule zote: ELF ikipanda, fedha zinashuka kwa kiasi fulani. Kisha mtu anauliza, mstari huu ukiutembea kutoka sifuri mpaka ELF ya wastani ya wilaya, unashuka kiasi gani? Jibu ni robo. Kwa hiyo inalinganishwa jamii ya wastani na jamii ya kabila moja kabisa, juu ya mstari, si juu ya shule mbili unazoweza kuzitembelea. Iandike hivyo kwa maneno yako kwenye karatasi. Mwanafunzi anayeweza kuieleza namba moja kuu ya makala kwa sentensi mbili sahihi ameshawazidi wengi wanaoinukuu.

Upande wa Meatu kuna mtego mwingine, mkubwa zaidi. Anasema uhusiano uko karibu na sifuri na hauna uzito wa kitakwimu. Wengi husoma: Meatu hakuna uhusiano. Hayo ni mambo mawili. Chukua namba za kubuni, si zake, uone. Tuseme Busia koefisienti, yaani ule mteremko wa mstari, ni hasi 8, na kosa sanifu, yaani kiasi ambacho makadirio hayo yanaweza kuyumba kwa bahati tu, lililo kwenye mabano chini yake, ni 3. Meatu koefisienti ni hasi 2, kosa sanifu 5. Kanuni ya mkono ni kwenda makosa sanifu mawili kila upande. Busia unapata kutoka hasi 14 mpaka hasi 2. Sifuri haimo, kwa hiyo tunasema ina uzito. Meatu unapata kutoka hasi 12 mpaka chanya 8. Sifuri imo, ni kweli. Lakini na hasi 8 ya Busia imo! Takwimu za Meatu katika mfano huu hazisemi "hakuna uhusiano"; zinasema "hatuoni vizuri".

Dai la makala kwa kweli ni kwamba wilaya hizi mbili zinatofautiana, kwa hiyo kinachotakiwa kupimwa ni ile tofauti yenyewe. Katika mfano wangu tofauti ni 6. Kosa sanifu lake unalipata kwa kujumlisha miraba ya makosa yote mawili, 9 na 25, unapata 34, kisha kipeo cha pili chake, ambacho ni kama 5.8. Tofauti ya 6 yenye kosa la 5.8 haina uzito, ingawa wilaya moja ilikuwa nao na nyingine haikuwa nao. Basi ukirudi kwenye makala una swali kali, la ndiyo au hapana: mwandishi ameipima tofauti kati ya koefisienti mbili, au ameziweka tu kando kwa kando? Litafute kwenye maelezo ya majedwali na kwenye tanbihi. Mambo kama haya hupenda kujificha huko. Ukilikuta, andika ukurasa na alichokipata. Usipolikuta, chukua namba zake za kweli ufanye hesabu hii niliyokuonyesha. Ni dakika tano kwa kikokotoo cha simu, na utaingia semina na kitu ambacho wengine hawana.

Swali la tatu ndilo litakaloibeba karatasi yako. Angalia: majedwali yana shule nyingi, lakini sera ziko mbili tu, moja kila upande. Busia yote iko Kenya, Meatu yote iko Tanzania. Kwa hiyo "ujenzi wa taifa" hauwezi kuwa safu kwenye jedwali. Chochote kingine kinachotofautisha nchi hizi, au wilaya hizi, kimepanda basi moja na sera hiyo na kushuka kituo kimoja. Takwimu zinamfikisha mwandishi mpaka kwenye tofauti. Kutoka hapo mpaka kwenye sababu anatembea kwa miguu ya historia. Ukisoma sehemu ya historia, soma ukijua kwamba ndiyo inayobeba mzigo. Hapa usiruke.

Na hapa lugha yako inakusaidia kuliko unavyodhani. Kiingereza cha makala kina neno moja zuri la kujenga taifa, na mwanafunzi hulibeba hivyohivyo kama sanduku lililofungwa. Lieleze kwa Kiswahili kwa mtu wa chumba chenu ambaye hasomi fani hii. Atakuuliza: kujenga taifa ndiyo kufanya nini? Utalazimika kulifungua sanduku: Kiswahili shuleni na ofisini, kufutwa kwa utawala wa machifu mwaka 1963, mtaala wa uraia baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, serikali ya kijiji iliyochaguliwa mahali pa chifu, ugawaji wa bajeti kwa mikoa usiofuata kabila la rais. Hayo ni mambo matano tofauti. Lipi hasa linamfanya mama wa Meatu amkubali jirani wa kabila jingine kwenye kamati ya shule? Kama makala hailitenganishi, basi hata mtu akikubali hitimisho lote bado hajui serikali ianze na nini. Andika hilo kwenye karatasi yako kwa herufi kubwa.

Kisha mtafutie mwandishi mshindani. Usitafute makala kumi. Moja inatosha ikichaguliwa vizuri. Mwaka huohuo wa 2004 Daniel Posner alichapisha kwenye jarida la American Political Science Review utafiti kuhusu Wachewa na Watumbuka. Hawa wamekatwa kwelikweli na mpaka wa Zambia na Malawi, na yeye alikwenda vijiji vinne vilivyo jirani, kila kabila upande huu na upande ule. Ni ulinganisho ambao ramani haina cha kuulaumu. Malawi aliwakuta wakitazamana kama wapinzani. Zambia, kama washirika. Maelezo yake hayahusu sera ya kujenga taifa hata kidogo. Anasema ni ukubwa wa kundi kwenye siasa za nchi: Malawi, Wachewa na Watumbuka ni wengi kiasi kwamba kila kundi linafaa kuwa ngazi ya kupandia madarakani, Zambia, kila moja ni dogo mno, na kuchochea ukabila wa aina hiyo hakumlipi mwanasiasa.

Ukimsoma Miguel kwa miwani ya Posner, maswali mapya yanajileta. Waluhya ni kundi kubwa ambalo hakuna mgombea urais wa Kenya anayeweza kulipuuza. Je, Busia wanachangia shule kidogo kwa sababu serikali haikujenga taifa, au kwa sababu kila uchaguzi unawakumbusha wao ni nani? Usikimbilie kushangilia, maana kuna upande wa pili. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na bado hakujawahi kuwa na siasa ya kitaifa iliyosimama juu ya Usukuma. Kama ukubwa peke yake ungetosha, wangekuwa ngazi nzuri. Hiyo ni pointi ya Miguel. Mtetezi wa Posner atajibu kwamba hata Wasukuma wote wakiungana hawakaribii nusu ya nchi, kwa hiyo ngazi haifiki darini. Hapo una mabishano ya kweli, yenye ushahidi pande zote, na wewe ndiye mwamuzi.

Neno la pembeni, kwa kuwa najua semina hizi zilivyo. Makala hii inaisifu Tanzania. Msomaji wa Tanzania huikubali kabla hajafika ukurasa wa tano, na mwenzake wa Kenya huikasirikia kabla ya hapo. Wote wawili huacha kuuliza. Ukijikuta unatikisa kichwa kwa furaha, rudi kwenye swali la pili.

Kuhusu kuandika vidokezo: gawa ukurasa wa daftari safu tatu. Ya kwanza ni ukurasa wa makala, ya pili anachosema yeye kwa maneno yako ya Kiswahili, ya tatu unachosema wewe. Mstari mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: "ikisiri / wilaya mbili za karibu, mpaka wa kikoloni kama jaribio / Busia inapakana na Uganda, makabila tofauti pande mbili: jaribio la nini hasa?" Safu ya tatu isiwe tupu mistari mitano mfululizo, ikiwa tupu umeanza kunakili tena, funga daftari ukanywe chai. Nukuu ya neno kwa neno weka pale tu ambapo maneno yenyewe ndiyo unayoyabishia, na uandike ukurasa papo hapo, si usiku wa mwisho.

Kwa muda, kikao cha dakika arobaini na kuandika maswali vinaingia siku ya kwanza. Siku ya pili na ya tatu, saa moja na nusu kwa kila swali kati ya yale mawili ya mwanzo. Siku ya nne na ya tano ni za swali la tatu pamoja na Posner, ambaye unamsoma kwa kipimo kilekile: ikisiri, mwisho, majedwali, kisha sehemu inayogombana na Miguel tu. Siku ya sita simama mbele ya mtu, makala ikiwa imefungwa, umweleze kwa dakika tatu: analinganisha nini, namba kuu inasema nini, kiungo gani ni dhaifu. Utakapokwama, hapo ndipo pa kurudia kusoma. Siku nne zilizobaki ni za kuandika.

Na unapoandika, muhtasari wa makala usizidi maneno mia nne. Najua utatamani elfu moja na mia tano, kwa sababu ni rahisi. Dai lako likae kwenye aya ya kwanza, na tayari unalo kwenye safu ya tatu. Kwa mfano: "Ulinganisho wa Busia na Meatu unaonyesha kwamba mchanganyiko wa makabila haulazimiki kuua michango ya shule, lakini hauwezi peke yake kutenganisha kazi ya sera ya kujenga taifa na kazi ya ukubwa wa kundi kwenye ushindani wa kisiasa." Usiichukue hii, profesa wako ataijua si yako. Ya kwako itategemea utakachokikuta kwenye kosa sanifu la Meatu na kwenye zile tanbihi. Ukikuta tofauti imepimwa na inasimama, nguvu ya karatasi yako itahamia kwenye swali la tatu. Ukikuta haijapimwa au haisimami, anzia kwenye la pili, uonyeshe hesabu yako hadharani, namba kwa namba, ili anayekupinga apinge hesabu.

Sehemu ya mwisho ya karatasi iseme utafiti gani ungeamua ugomvi huu. Hii huandikwa vibaya sana, "tafiti zaidi zinahitajika", nukta. Wewe taja mahali. Mpaka wenyewe wa Kenya na Tanzania unapita kati ya Wakurya, walioko Tarime upande mmoja na Kuria upande wa pili, na kati ya Wamasai pia. Watu walewale, serikali mbili. Eleza ungehesabu nini huko, kwenye shule zipi, na ni jibu gani lingekufanya umwamini Miguel kuliko Posner.